Kujaza mashimo au kukata tuta: ulinganisho wa njia za kuandaa data za mwinuko kabla ya kuchora kidakio cha mto

Mtu anayetaka kuchora kwa kompyuta mpaka wa kidakio cha mto, yaani eneo lote linalomwaga maji yake kwenye mto huo, huwa na hatua zilezile mkononi, hata programu zikitofautiana: husafisha modeli ya mwinuko, yaani ramani iliyogawanywa katika miraba midogo iitwayo seli, kila moja na mwinuko wake, hukokotoa mwelekeo wa mtiririko kutoka kila seli, huhesabu mkusanyiko wa mtiririko, huweka alama mahali maji yanapotokea, kisha huiagiza programu ikusanye seli zote zinazomwaga maji kwenye alama hiyo. Hatua nne za mwisho hazina ubishi mkubwa. Uamuzi unaoweza kuhamisha mpaka kwa kilomita nzima umo katika hatua ya kwanza, ambayo wengi huipita kwa kubofya mara moja bila kufikiri. Hiyo ndiyo hatua ya kuyashughulikia mashimo, yaani seli au makundi ya seli yaliyozungukwa pande zote na ardhi iliyo juu zaidi, ambamo maji ya kompyuta huingia na kukosa pa kutokea.

Njia zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni kujaza shimo hadi lifurike. Ya pili ni kukata njia katika kizuizi kinacholifunga. Ya tatu ni kuyaacha mashimo jinsi yalivyo na kutumia programu inayotafuta njia ya kutoka bila kuigusa data. Ili kuona zinavyotofautiana, inafaa kwanza kuelewa kwa nini shimo moja tu linaweza kuuharibu mchoro wote.

Namna seli inavyochagua jirani

Kanuni ya mwelekeo wa mtiririko iliyoenea zaidi ni D8, iliyotolewa na O'Callaghan na Mark mwaka 1984. Kila seli ina majirani wanane, nayo hupeleka maji yake yote kwa jirani mmoja tu, yule ambaye mteremko wa kumwendea ni mkali kuliko ya wengine. Mteremko huo ni tofauti ya mwinuko ikigawanywa kwa umbali, na kwa jirani wa mshazari umbali huzidishwa kwa 1.414. Tuseme seli zina upana wa mita 10 na seli yetu ina mwinuko wa mita 50. Jirani wa mashariki yuko mita 48, na jirani wa kusini-mashariki yuko mita 47.5. Mteremko wa mashariki ni 2 kwa 10, yaani 0.20, ilhali wa kusini-mashariki ni 2.5 kwa 14.14, yaani kama 0.18. Maji yatakwenda mashariki, ingawa jirani wa mshazari ndiye aliye chini zaidi.

Mkusanyiko wa mtiririko ni hesabu inayofuata: kwa kila seli, ni seli ngapi zilizo juu yake ambazo maji yake hatimaye hupita hapo. Kwenye mgongo wa kilima hesabu ni sifuri au moja, kutegemea kama programu huijumlisha seli yenyewe, na kwenye mto mkubwa hufika malaki. Ukizidisha hesabu hiyo kwa eneo la seli moja, unapata eneo la kidakio kwa sehemu ile.

Seli ikiwa chini kuliko majirani wake wote wanane, D8 haina pa kuyapeleka maji. Mnyororo hukatika hapo, na hesabu iliyokuwa imefika makumi ya maelfu huanza tena upya upande wa chini. Ndiyo maana mashimo hayawezi kuachwa bila utaratibu wowote.

Mto mmoja na tuta moja la barabara

Tuchukue bonde dogo ambalo data zake za mwinuko zina seli za mita 10. Barabara inalivuka bonde juu ya tuta la udongo, na mto hupita chini ya tuta hilo katika kalvati. Kipimo kilichofanywa kutoka angani huuona uso wa barabara, wala hakiwezi kuliona kalvati. Tukifuata mkondo kutoka juu kwenda chini, seli zina miinuko hii kwa mita, na mstari wa pili ni njia inayoanzia seli ileile ya 107 na kuvuka sehemu ya chini kabisa ya mgongo unaolitenga bonde letu na bonde jirani:

```
mkondo:  109  108  107  [111]  106  105
mgongo:  107  109  110  109  108  106
```

Seli ya 111 ndiyo tuta. Seli ya 107 iliyo nyuma yake imekuwa shimo, ingawa ardhini hakuna shimo lolote. Tuongeze kwamba seli 62,000 humwaga maji yake nyuma ya tuta, sawa na kilomita za mraba 6.2, na kwamba mahali tunapotaka kuchorea kidakio pako chini zaidi, ambapo eneo sahihi ni kilomita za mraba 8.9.

Kujaza

Kujaza ni kuliinua sakafu la shimo hadi usawa wa mahali pa chini kabisa ambapo maji yangefurika. Utaratibu ulioenezwa na Jenson na Domingue mwaka 1988 ulifanya hivyo, na mbinu za baadaye, kama ile ya Wang na Liu ya mwaka 2006, hutoa uso uleule uliojazwa ila kwa kasi kubwa zaidi. Matokeo ni ya uhakika kwa maana moja: kila seli itapata njia ya kutoka, na hakuna kigezo cha kuchagua.

Shida ni kwamba mahali pa chini kabisa pa kufurikia si lazima pawe mahali ambapo mto unapita. Katika bonde letu tuta lina mita 111, lakini mgongo una mita 110. Kujaza kutainua sakafu hadi 110: seli ya 107 itapanda mita tatu, ya 108 mita mbili, ya 109 mita moja. Kisha maji yote ya seli 62,000 yatavuka mgongo na kuingia bonde jirani. Kwenye alama yetu ya chini zitabaki seli 27,000, yaani kilomita za mraba 2.7 badala ya 8.9. Mchoro utaonekana safi, mpaka utakuwa umefungika vizuri, na theluthi mbili za kidakio zitakuwa zimehamia kwa jirani bila programu kutoa onyo lolote.

Athari ya pili ni ndogo kwa mpaka lakini huonekana wazi kwenye ramani ya mito. Eneo lililojazwa ni tambarare kabisa, na D8 haina mteremko wa kufuata juu yake. Programu huongeza tofauti ndogo sana za mwinuko ili maji yasogee, na matokeo yake mara nyingi ni mistari iliyonyooka inayokwenda sambamba kama matuta ya shamba, mahali ambapo mto halisi hupinda.

Hata hivyo kujaza si njia mbovu. Mashimo mengi katika data ni makosa ya kipimo ya seli moja au mbili, yenye kina kidogo, hasa katika data za SRTM zilizopimwa kwa rada Februari 2000 na kusambazwa kwa mita kamili zisizo na desimali. Kwenye miteremko mikali, shimo la namna hiyo hujaa mara moja na maji hufurikia upande uleule ambao yangekwenda. Katika milima yenye mabonde yaliyochongeka vizuri, na kwa seli za mita 30, sioni sababu ya kujisumbua na kitu kingine.

Kukata

Kukata hufanya kinyume. Badala ya kuinua sakafu la shimo, programu hutafuta kutoka chini ya shimo njia ya kufikia seli iliyo chini zaidi, kisha hushusha seli zote za njia hiyo. Toleo ninaloliona la kufaa zaidi ni lile linalochagua njia yenye gharama ndogo, ambapo gharama ni jumla ya mita zitakazoshushwa katika njia nzima.

Turudi kwenye bonde letu na tupige hesabu kama programu ingefanya. Kupitia tuta, seli moja tu inashushwa kutoka 111 hadi kama 107, kwa gharama ya mita 4. Kupitia mgongo, seli nne zinashushwa, yaani 109, 110, 109 na 108, kwa gharama ya 2, 3, 2 na 1, jumla mita 8. Programu itakata tuta. Maji yatapita palepale lilipo kalvati, seli 62,000 zitaendelea chini, na kwenye alama tutapata 89,000. Seli zote za mkondo zilizo nyuma ya tuta zitabaki na miinuko yake ya asili, kwa hiyo hakutakuwa na tambarare wala mistari ya sambamba.

Ushindi huo, hata hivyo, una mpaka wake, na mpaka wenyewe ni upana wa kizuizi. Tuseme tuta ni pana na linachukua seli tatu, zenye mita 110, 111 na 110. Sasa gharama ya kulikata ni 3, 4 na 3, jumla mita 10, na njia ya mgongo yenye gharama ya mita 8 inakuwa nafuu. Programu itachimba mfereji kwenye mgongo wa kilima, na kosa litakuwa lilelile la kujaza, tena limechongwa ndani ya data. Kadiri seli zinavyokuwa ndogo, kama katika data za leza zinazopimwa kutoka kwenye ndege, ndivyo matuta yanavyochukua seli nyingi, na ndivyo hesabu ya namna hii inavyoweza kugeuka. Hapo dawa ni kuchora mstari mfupi kwenye kila kalvati na daraja linalojulikana, kushusha seli zilizo chini ya mstari huo kwanza, ndipo ukate kilichobaki.

Kukata pia kuna vigezo vya kuamua. Katika programu ya WhiteboxTools, `--dist` ndiyo idadi ya seli ambazo programu inaruhusiwa kwenda kutafuta njia, na `--fill` huagiza mashimo yaliyoshindikana kukatwa ndani ya umbali huo yajazwe. Umbali ukiwa mfupi mno, mashimo mengi huishia kujazwa na hujapata faida yoyote. Ukiwa mrefu mno, kazi huchukua muda mrefu, na unairuhusu programu kuchimba mifereji mirefu ambayo haina msingi wowote ardhini. Mimi huanza na umbali unaozidi kidogo upana wa tuta kubwa kuliko yote katika eneo husika, pamoja na kingo zake:

```
whitebox_tools -r=BreachDepressionsLeastCost --dem=dem.tif -o=kata.tif --dist=10 --fill
whitebox_tools -r=D8Pointer --dem=kata.tif -o=mwelekeo.tif
whitebox_tools -r=D8FlowAccumulation -i=kata.tif -o=mkusanyiko.tif
```

Angalizo dogo kwa anayehamisha faili ya mwelekeo kutoka programu moja kwenda nyingine: namba za pande hazifanani. Katika ArcGIS mashariki ni 1 na namba huongezeka maradufu kwa mwendo wa saa hadi 128. WhiteboxTools hutumia namba hizohizo lakini 1 ni kaskazini-mashariki, isipokuwa umeongeza `--esri_pntr`. TauDEM huhesabu 1 hadi 8 kuanzia mashariki kinyume cha mwendo wa saa. Ukichanganya, kidakio kitakachotoka kitakuwa doa lisilo na maana, na hilo afadhali kuliko kosa lisiloonekana.

Kuacha data kama ilivyo

Amri ya `r.watershed` ya programu ya GRASS haihitaji data ijazwe wala ikatwe kwanza. Huanza kwenye kingo za ramani na kupanda ndani, ikichukua kila mara seli ya chini kabisa iliyokwisha kufikiwa, na kila seli mpya hupewa mwelekeo wa kurudi ilikofikiwa. Ikifika kwenye shimo, huingia kupitia mahali pa chini kabisa pa kufurikia, kisha hushuka hadi sakafuni ikifuata miinuko halisi.

Faida yake juu ya kujaza ni hiyo sehemu ya mwisho. Ndani ya shimo mkondo hufuata kitanda cha mto kama kilivyo kwenye data, wala hauchorwi ovyo juu ya tambarare. Hili lina thamani kubwa pale ambapo rada imepima vilele vya miti badala ya ardhi, kwa sababu msitu unaoufunika mto mwembamba huonekana kwenye data kama tuta, na uwazi ulio upande wa juu wa msitu huo huonekana kama shimo.

Lakini nimeona watu wakiitumia kwa imani kwamba inatibu pia tatizo la mpaka, jambo ambalo si kweli. Mahali pa kuingilia shimoni ni palepale pa kufurikia. Katika bonde letu amri hii itaingia kupitia mgongo wa mita 110, si kupitia tuta la mita 111, na kilomita za mraba 6.2 zitapelekwa kwa jirani kama zilivyopelekwa na kujaza. Kwa kuchora mpaka, njia ya tatu ni ndugu wa ile ya kwanza. Kumbuka pia kwamba bila `-s` amri hii hugawa maji kwa majirani kadhaa. Mgawanyo huo huonyesha vizuri unyevu unavyotawanyika kwenye miteremko, lakini mpaka wa kidakio unataka kila seli iwe na mwenyewe mmoja, kwa hiyo kwa kazi hii D8 inatosha na ndiyo inayofaa. Hesabu hasi katika ramani yake ya mkusanyiko si hitilafu: huonyesha kwamba huenda maji mengine yanaingia kutoka nje ya ramani, nawe unahitaji kipande kikubwa zaidi cha data.

Kujua kama umekosea

Kipimo cha kwanza ni kutoa data ya asili kutoka kwenye data iliyojazwa, hata kama hukukusudia kuitumia. Makosa ya kawaida ya kipimo huonekana kama vitone vilivyosambaa kila mahali, vyenye kina cha sentimita kadhaa. Kizuizi cha bandia huonekana tofauti kabisa: ni doa kubwa lenye umbo la ziwa, lina kina kikubwa zaidi kwenye ncha ya chini, na ncha hiyo imekatwa kwa mstari ulionyooka. Mstari huo ndio tuta. Katika bonde letu doa lingekuwa na kina cha mita tatu kwenye tuta na kupungua hadi sifuri kuelekea juu.

Kipimo cha pili ni kuusoma mkusanyiko ukishuka na mto, seli kwa seli. Katika mkondo mmoja hesabu hiyo huongezeka au hubaki ileile, haipungui kamwe. Ukiona 62,000 upande wa juu wa barabara na 40 upande wa chini, huna haja ya ushahidi mwingine. Kwa data iliyokatwa, kipimo kinachofanana ni kutafuta mahali palipochimbwa sana na kuuliza kama kila mfereji unaangukia kwenye barabara, reli au tuta linalojulikana. Ule unaoangukia juu ya kilima umekatwa pasipostahili.

Chaguo langu

Kwa data za mita 10 au ndogo zaidi, katika eneo lenye barabara, reli au mifereji, nachagua kukata, baada ya kushusha kwa mkono makalvati yanayojulikana chini ya matuta mapana. Kwa data za mita 30 katika nchi ya milima, kujaza kunatosha, na urahisi wake ni faida ya kweli. Kwa tambarare yenye misitu, ambapo mito yenyewe ndiyo inayotakiwa zaidi kuliko mpaka, `r.watershed` hutoa mikondo inayoaminika kuliko kujaza. Nchi tambarare yenye data za mita 30 ndiyo inayonipa shaka zaidi, kwa sababu tofauti ya mita moja inaweza kuamua upande wa maji na kipimo chenyewe hakina usahihi huo. Hapo hakuna njia kati ya hizi tatu inayoweza kuleta habari isiyokuwamo kwenye data, na ramani ya mito iliyochorwa kwa macho inastahili kutumiwa kushusha vitanda vya mito kabla ya yote.

Njia yoyote utakayochagua, alama ya kutokea maji inapaswa kukaa juu ya seli ya mto wenyewe. Ikikaa seli moja pembeni, kidakio kitakuwa kipande cha kilima. Programu nyingi huisogeza alama hadi kwenye seli yenye mkusanyiko mkubwa kuliko zote zilizo karibu, na karibu na makutano ya mito hilo ni hatari, kwani alama ya kijito huweza kurukia mto mkubwa. Ni salama zaidi kuisogeza kwenye mkondo ulio karibu, kwa `JensonSnapPourPoints` ya WhiteboxTools, kisha kulinganisha mkusanyiko wa seli iliyochaguliwa na eneo unalolitarajia.

Bado kuna mashimo ya kweli. Ziwa Turkana na Ziwa Chadi hayana mto unaoyatoa maji hadi baharini, na kwenye kipimo kidogo zaidi yapo mashimo ya miamba ya chokaa ambamo kijito huzama ardhini. Kujaza kutalifurisha bonde la namna hiyo hadi livuke mgongo, na kukata, kukipewa umbali wa kutosha, kutalichimbia mfereji. Yote mawili yataunganisha kidakio ambacho ardhini hakijaungana na kingine. Mashimo hayo huwekwa alama kabla ya hatua yoyote, na katika `r.watershed` ramani yake hutolewa kwa kigezo cha `depression=`, ili maji yanayoingia humo yahesabiwe kuwa yameishia humo.